Somo: Sanduku moja la barua pepe la familia, na namna ya kujua nani amekwisha kujibu

Familia nyingi hapa Mombasa zina nyumba ya kupangisha inayosimamiwa kwa pamoja, mtoto mmoja akiwa Kisauni, mwingine Likoni na mwingine Maskati, huku barua za wapangaji na mafundi zote zikiingia katika akaunti ya Gmail ya mama. Somo hili linaeleza jinsi ya kuwapa watoto ruhusa ya kuitumia akaunti hiyo bila kugawana nywila, na jinsi ya kuzuia barua moja isijibiwe mara mbili kwa maneno yanayopingana, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Chukua mfano wa mpangaji anayelipa kodi ya shilingi 18,000 kwa mwezi. Ameandika kwamba tangi la maji linavuja, fundi anataka shilingi 4,500, naye anauliza kama anaweza kuzikata kwenye kodi. Akaunti ya mama imepangwa ipeleke nakala ya kila barua kwa watoto. Dada anaisoma nakala kwenye simu yake na kujibu papo hapo kwa anwani yake mwenyewe kwamba akate. Jioni kaka anafungua akaunti ya mama, anaiona barua haina jibu, na anaandika kwamba mpangaji asimlipe mtu yeyote kwa sababu fundi wa familia atafika kesho. Fundi wa familia anakuta tangi limekwisha kuzibwa, na mwisho wa mwezi inaingia kodi ya shilingi 13,500, mpangaji akiwa na kibali cha dada mkononi.

Hapo kaka hakukosea, maana jibu la dada lilibaki katika barua zilizotumwa za dada, na katika sanduku la mama halikuacha alama yoyote. Kwa hiyo msingi wa mpango wote ni kwamba kila jibu litoke ndani ya sanduku lenyewe, ili lionekane chini ya barua iliyojibiwa na kila mwenye ruhusa.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha kupeleka nakala. Fungua akaunti ya mama kwenye kompyuta, bonyeza alama ya gurudumu lenye meno, kisha `See all settings`, na katika sehemu ya `Forwarding and POP/IMAP` uchague `Disable forwarding`, kisha ubonyeze `Save Changes` chini ya ukurasa. Pitia pia `Filters and Blocked Addresses`, kwa kuwa mara nyingi kuna kichujio cha zamani kinachoendelea kupeleka nakala kimyakimya.

Hatua ya pili ni kutoa ruhusa. Katika mipangilio hiyohiyo nenda `Accounts and Import`, utafute `Grant access to your account`, ubonyeze `Add another account` na uandike anwani ya Gmail ya mtoto. Akaunti ya kawaida inakubali wawakilishi 10, idadi inayotosha hata familia kubwa. Mtoto hupata barua ya mwaliko, na asipoikubali ndani ya wiki moja mwaliko huo hufa. Akishaikubali, akaunti ya mama hujitokeza anapobonyeza picha yake juu upande wa kulia. Mwakilishi anaweza kusoma, kutuma na kufuta barua, lakini hawezi kubadilisha nywila ya mama.

Chini ya sehemu hiyo kuna chaguo mbili ambazo watu huzipita bila kuzisoma. Ya kwanza inahusu barua iliyofunguliwa na mwakilishi, nami ninashauri `Leave conversation unread when opened by others`, ili mama asiikose barua kwa sababu tu mtoto ameichungulia. Ya pili inahusu jina la mtumaji. Ukichagua kuonyesha anwani ya mama pamoja na ya aliyetuma, familia na mpangaji wote watajua ni nani aliyeandika, ingawa anwani binafsi ya mtoto nayo itaonekana. Kama hilo halipendezi, onyesheni anwani ya mama pekee, na kila mmoja atie jina lake mwishoni mwa barua bila kukosa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoondoa utata. Gmail haimfungii mtu wa pili mlango wakati wa kwanza anaandika, kwa hiyo alama lazima muiweke wenyewe. Tengenezeni lebo moja kwa kila mtu, kwa mfano `Ameshika-Dada` na `Ameshika-Kaka`, kila moja na rangi yake, pamoja na lebo ya `Imekwisha`. Anayetaka kujibu huweka lebo yake kabla ya kuandika neno la kwanza, kisha hupakia ukurasa upya. Akikuta lebo mbili, aliyekubaliwa tangu mwanzo kusimamia nyumba hiyo ndiye anayeendelea, na mwenzake anaiondoa yake. Kwa kuwa rasimu nayo huhifadhiwa katika sanduku la mama, neno `Draft` kwenye orodha ya barua ni ishara nyingine kwamba kuna mtu yumo kazini.

Ili kujua barua ambazo hazijashikwa na mtu yeyote, andikeni hivi katika sehemu ya kutafutia:

```
in:inbox has:nouserlabels
```

Lebo katika Gmail hushikamana na barua moja moja, si na mazungumzo yote. Mpangaji akiandika tena chini ya mazungumzo yenye lebo, barua yake mpya itajitokeza katika utafutaji huu, na hilo ndilo tunalolitaka.

Maswali ya wanachama

*Je, si rahisi zaidi kumpa kila mtu nywila ya mama?*

Ni rahisi siku ya kwanza tu, ndugu yangu. Uthibitishaji wa hatua mbili ukiwashwa, msimbo huenda kwenye simu ya mama, naye huenda amelala. Zaidi ya hapo, wote wakiingia kama mama, hakuna barua inayoonyesha ni nani aliyeituma.

*Nimeukubali mwaliko asubuhi lakini silioni sanduku la mama. Nifanyeje?*

Subiri, dada, kwa kuwa huweza kuchukua hadi saa 24. Jaribu kwanza kwenye kivinjari cha kompyuta, na uhakikishe umeingia kwa anwani ileile iliyoalikwa.

*Mpangaji ana anwani yangu na ameniandikia mimi moja kwa moja. Nimjibu wapi?*

Ipeleke barua hiyo kwenye anwani ya mama, kisha uingie katika sanduku la mama na ujibu humo. Angalia sehemu ya mpokeaji kabla ya kutuma, maana barua uliyoipeleka wewe itataka kurudi kwako, hivyo uifute anwani yako na uandike ya mpangaji. Mwombe mpangaji katika barua hiyohiyo atumie anwani ya mama tangu sasa.

*Kaka yetu wa Maskati huweka lebo yake kisha hukaa siku mbili kimya, nasi tunaona haya kumgusia mkubwa wetu. Kuna njia ya heshima?*

Wekeni muda unaowahusu wote, akiwemo mama, ili asionekane kulengwa yeye. Kwa mfano, lebo iliyowekwa mchana ambayo haina rasimu wala jibu hadi baada ya Isha ya Mombasa huhesabiwa imeanguka. Anayeichukua barua hiyo humtumia kaka ujumbe mfupi, "Kaka, ile ya tangi nimeishika mimi," hubadilisha lebo, kisha ndipo huandika.