Jinsi ya kutoa mlio wa otofokasi na mvumo wa feni kwenye mahojiano bila kuharibu sauti ya mtu

Kijana mmoja wa hapa Mwanza, anarekodi mahojiano ya onlain tv, alinitumia klipu ya mama mfanyabiashara wa dagaa Kirumba, karibu na soko la Mwaloni. Mama anaongea vizuri sana, anaeleza bei zinavyopanda mbalamwezi ikiwa kubwa maana dagaa hawavuliki. Ila juu yake kuna pangaboi linazunguka, na lenzi ya kamera kila mama akiinamia mbele inatafuta fokasi upya, zzit zzit. Sauti yote imeingia kwa maiki ya kwenye kamera yenyewe. Mama hawezi kurudia yale maneno kwahiyo kurekodi upya haikuwepo, ilibidi tuisafishe hiyo hiyo. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Natumia Audacity toleo la 3. Ni ya bure, inafanya kazi bila bando, na inakuonyesha kila unachokitoa. Sipendi kabisa programu za kubonyeza kitufe kimoja sauti ikatoka imeoshwa, maana hujui imekula nini.

1. Toa sauti kwenye video

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vn -ac 1 -ar 48000 -c:a pcm_s24le mahojiano.wav
```

Hiyo `-ac 1` inachanganya chaneli mbili kuwa moja. Kama ulibana maiki shatini na imeingia upande mmoja tu, ondoa hiyo `-ac 1`, alafu ndani ya Audacity ubaki na upande wa maiki nzuri. Fungua faili, piga nakala, endelea.

2. Jua una kelele mbili

Feni na otofokasi hazitibiki kwa dawa moja. Feni ipo muda wote na haibadiliki sana, kwahiyo unaweza kuipa programu sampuli yake ikaipunguza kote. Otofokasi inakuja kwa vipande vifupi na kila kipande kina sauti yake kidogo, sampuli haisaidii, inabidi uiwinde moja moja.

Bonyeza jina la treki uchague `Spectrogram`, alafu kwenye `Spectrogram Settings` weka `Window Size` 2048 na uwashe `Enable Spectral Selection`. Kwenye klipu ya mama feni ilionekana kama ukungu mzito chini, kuanzia 100 Hz na kwenda juu ikififia. Otofokasi ilikuwa vistari vyembamba vilivyolala, kimoja karibu na 3000 Hz na kingine karibu na 5800 Hz, vya chini ya nusu sekunde, na mwanzoni mwa kila kimoja kuna mstari mwembamba uliosimama, ule ni mgongano wa gia zikianza kuzunguka. Lenzi yako itakuwa na namba zake, usinakili hizi, angalia mwenyewe.

3. Anza na otofokasi

Watu wengi wanaanza na feni kwasababu ndio inaudhi zaidi. Mi naanza na otofokasi, kwasababu pale inapolia mama akiwa kanyamaza tunaifukia kwa kipande cha ukimya wa chumba hicho hicho, na ukimya huo una feni ndani yake. Ukishapunguza feni kwanza, viraka vyako havitafanana na kilichobaki.

Mlio ukiwa kwenye ukimya: uchague, angalia chini kwenye sehemu ya `Selection` una urefu gani, tuseme sekunde 0.400. Tafuta ukimya safi wa karibu yake wenye urefu huo huo kamili, nakili, rudi ubandike juu ya mlio. Urefu ukizidi au ukipungua treki nzima inasogea na mdomo wa mama hautaendana na maneno. Usibonyeze `Delete` popote kwenye kazi hii, inakata muda. Na usiweke ukimya mtupu, sikio linashtuka feni ikipotea ghafla alafu ikarudi. Ukisikia tiki kwenye kingo ya kiraka, vuta karibu sana, chagua hiyo sehemu (sampuli zisizidi 128) upige `Repair`.

Mlio ukiwa chini ya maneno: hapa unachora boksi jembamba kuzunguka kile kistari tu kwenye spektrogramu, unaingia `Effect`, `Spectral Edit Parametric EQ`, unashusha desibeli 12. Sikiliza. Kama bado kinasikika rudia, ila usikifute kabisa maana kinaacha shimo na shimo nalo lina sauti yake. Mlio ukiangukia kwenye "sh" au "s" uache tu. Mama alisema "shilingi" na lenzi ikalia hapo hapo, ila ile "sh" yenyewe inajaza masafa yale yale na imeufunika mlio. Ukipunguza hapo mama anakuwa na kithembe ambacho hana.

4. Kata chini

`High-Pass Filter`, 100 Hz kwa sauti ya mama, 80 kwa mwanaume mwenye sauti nzito, `Roll-off` 24. Mtikisiko wa pangaboi na vishindo vya stendi vinaondoka hapa.

5. Feni: sampuli unaichukua wapi

Hii ndio sehemu inayokula usiku mzima, na maelekezo mengi yanaipita kwa mstari mmoja, "chagua sehemu yenye kelele tupu, bonyeza `Get Noise Profile`". Kwa maiki ya kamera hiyo mara nyingi haitoshi, na sababu ni kwamba kamera nyingi zinajirekebishia sauti zenyewe. Mtu akiongea kamera inashusha, akinyamaza inapandisha polepole ikitafuta cha kurekodi, na kitu pekee ilichokipata ni feni. Yani feni iliyo kwenye ukimya mrefu imekuzwa kuliko feni iliyo chini ya maneno. Ukichukua sampuli kwenye ukimya mrefu unaiambia programu kelele ni kubwa kuliko ilivyo, basi inakata hadi sauti ya mama, na unapata ule mlio wa mtu anayeongea ndani ya ndoo ya maji.

Utajuaje kamera imefanya hivyo? Tafuta mahali alipomaliza sentensi ndefu akanyamaza sekunde tatu nne, tazama wimbi. Kama kelele inaanza ndogo alafu inavimba, ndio hiyo. Kuipima ingia `Analyze`, `Contrast`, chagua robo sekunde mara tu baada ya neno upime, alafu chagua mwisho wa ukimya upime. Kwa mama tulipata kama -46 dB na -38 dB. Tofauti ya desibeli 8 ni kubwa, sampuli moja haiwezi kutibu zote mbili.

Dawa yake ni kusawazisha kwanza. Chukua `Envelope Tool`, na kwenye kila ukimya mrefu weka nukta pale kelele inapoanza kuvimba na nyingine kabla neno halijaanza, shusha katikati mpaka feni iwe sawa na ile ya nyuma ya maneno. Ukimaliza chagua treki upige `Tracks`, `Mix`, `Mix and Render`, maana bila hivyo `Noise Reduction` haioni ulichoshusha kwa `Envelope Tool`. Inachosha, najua, dakika kumi za mahojiano zina ukimya mwingi, lakini kuanzia hapo kila kitu kinatii. Angalia usishushe pumzi anayovuta kabla ya kuongea, pumzi ikikatika mtu anasikika kama kashonwa vipande.

Sasa sampuli. Ichukue kwenye mapengo mafupi kati ya maneno, ila sio mara tu neno linapoisha kama chumba kina mwangwi. Ofisi ya mama ina vigae na ukuta mtupu, kwahiyo neno linabaki linaning'inia kidogo, na ukibeba ule mwangwi kwenye sampuli programu itaanza kufuta sauti ya mama popote ilipo. Subiri neno lizime kabisa. Kama mapengo ni mafupi mno nakili kadhaa uyaunganishe kwenye treki mpya mpaka ifike sekunde moja au mbili, chukua sampuli hapo, kisha ufute hiyo treki. Pangaboi linapiga fuu, fuu, kwahiyo sampuli iwe na mizunguko kadhaa. Kama ni feni ya kusimama inayogeuka huku na huku, chukua pale inapokuwa imeelekea kamera, ndipo kelele yake ina umbo kamili.

Baada ya `Get Noise Profile`, chagua treki yote, rudi `Noise Reduction`. Sisi tuliweka `Noise reduction` 8, `Sensitivity` 4, `Frequency smoothing` 6. Kabla ya kukubali weka alama kwenye `Residue` upige `Preview`: hapo unasikia kile kinachotolewa. Inatakiwa usikie feni tupu. Ukisikia mama anaongea humo ndani, hata kwa mbali, punguza `Sensitivity` kwanza, desibeli baadae. Ukisharidhika rudisha kwenye `Reduce`, `OK`.

Kama haitoshi rudia mara ya pili kwa desibeli 5 au 6, na sampuli ichukue upya maana feni iliyobaki sio ile ya mwanzo. Mara mbili kidogo kidogo ni bora kuliko mara moja desibeli 20. Mi naishia pale feni bado inasikika kwa mbali, mtazamaji anaona pangaboi linazunguka nyuma ya mama, sauti yake hafifu haimsumbui.

Kuna kimoja hakitibiki: upepo wa feni ukipiga maiki moja kwa moja. Ule mpasuko wa "bu bu bu" umeshakata wimbi la sauti na hakuna sampuli yake.

6. Winda tena

Feni ikishuka, milio ya otofokasi iliyokuwa imejificha chini yake inajitokeza. Pitia spektrogramu toka mwanzo, safari hii ni michache. Viraka vya ukimya utavichukua kwenye treki hii hii iliyosafishwa.

7. Pandisha sauti, rudisha kwenye video

Sasa ndio unapandisha kwa `Loudness Normalization`, -16 LUFS inatosha kwa simu. Ukipandisha kabla ya kusafisha haiongezi kitu, na ukibana kwa kompresa kabla unarudia kosa lile lile la kamera, feni inavimba kwenye ukimya. Toa WAV, alafu:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -i safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mahojiano_safi.mp4
```

Picha haiguswi, inabadilishwa sauti tu. Sikiliza kwa hedfoni, kisha kwa spika ya simu maana wengi watasikilizia hapo. Alafu ruka mpaka dakika ya mwisho utazame midomo. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho umepishana, kuna kiraka ulichobandika hakikuwa na urefu sawa, na njia ya haraka ya kukipata ni kuweka `mahojiano.wav` ya mwanzo kwenye treki ya pili chini ya iliyosafishwa, uone mawimbi yanaanza kupishana wapi.