Kabla ya kuuamini mkia wa jina: -stan, -abad na -burg

Jumamosi timu yetu ya kidato cha pili inatoka hapa Tukuyu kwenda Mbeya mjini kwenye chemsha bongo ya jiografia. Kuna raundi moja inayowatia hofu. Mwendeshaji anasoma jina la mji ambao pengine hujawahi kulisikia, nawe una sekunde kumi za kusema uko sehemu gani ya dunia. Katika raundi hiyo mkia wa jina ni msaada mkubwa, lakini si kila mkia unaaminika kwa kiwango kimoja. Haya ndiyo niliyotaka watoto wayashike kabla ya kupanda gari, na yatamfaa yeyote anayejiandaa na mashindano ya namna hiyo.

Kabla ya yote, jua mkia wenyewe una maana gani. Tuanze na -stan, kwa sababu tayari unao mdomoni. Neno letu bustani lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kupitia Kiarabu: bu ni harufu, stan ni mahali, yaani mahali penye harufu nzuri. Kwa hiyo Uzbekistan ni mahali pa Wauzbeki, kama sisi tusemavyo Uhehe kwa nchi ya Wahehe na Usangu kwa nchi ya Wasangu. Sisi alama ya nchi tunaiweka mbele, Waajemi wanaiweka nyuma. Nilipowaeleza hivyo darasani, msichana mmoja wa kule Usangu alisema, “Mwalimu, kumbe sisi tungekuwa Sangustan!” Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau.

Nchi huru zenye mkia huo ni saba, na ukizitazama kwenye ramani zimeshikana kama shanga: Kazakhstan, Uzbekistan, Turkmenistan, Kyrgyzstan, Tajikistan, Afghanistan na Pakistan. Hapo ni Asia ya Kati na majirani zake wa kusini. Lakini usikimbilie kutaja nchi kabla ya kutaja eneo. Balochistan ni jimbo la Pakistan, na upande wa pili wa mpaka, ndani ya Iran, kuna eneo linalobeba jina hilohilo. Dagestan na Tatarstan zimo ndani ya Urusi, na hiyo Tatarstan iko kwenye bonde la mto Volga, huko Ulaya. Mkia hapo unakuonyesha watu ambao lugha yao iliwahi kuguswa na Kiajemi, haukuonyeshi mpaka wa dola.

Mkia wa -abad nao ni wa Kiajemi, na maana yake ni mahali palipokaliwa na kustawishwa. Tahadhari kubwa kwa Mswahili ni kutouchanganya na neno letu abadi, la milele, ambalo ni Kiarabu na halina undugu nao. Iran imejaa vijiji vyenye mkia huu. Kutoka hapo ulienea mashariki hadi India, kwa kuwa Kiajemi kilikuwa lugha ya ikulu na ya ofisi katika falme nyingi za Kiislamu za huko. Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Hyderabad mwaka 1591, zote na watawala wa falme hizo, na zote ziko India.

Nawataka watoto walifanyie kazi jina moja kwa utulivu kabla ya siku yenyewe: Leninabad. Kata mkia kwanza. Umebaki na Lenin, kwa hiyo jina limetolewa enzi za Wasovieti, wala halina miaka mia tano. Sasa urudie mkia: -abad ni Kiajemi. Jiulize, ndani ya Umoja wa Kisovieti Kiajemi kilikuwa na mizizi wapi? Asia ya Kati, na vilevile upande wa Kaukasi. Kitajiki chenyewe ni Kiajemi cha aina yake, hivyo dau lako zuri ni Tajikistan, na ndivyo ilivyo: ni mji wa Khujand, ulioitwa Leninabad kuanzia mwaka 1936 hadi 1991. Halafu jaribu Kirovabad kwa njia hiyohiyo. Kirov alikuwa kiongozi wa Kisovieti, mkia ni uleule, dalili zote zinafanana, na bado jibu ni Azerbaijan, mji unaoitwa leo Ganja. Mkia na kichwa vimekufikisha kwenye eneo, vikaishia hapo. Nchi lazima uwe umeijua kwa kusoma ramani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kwenda, pitia majina pacha. Hyderabad iko India na nyingine iko Pakistan. Jalalabad iko Afghanistan, na Kyrgyzstan wana mkoa wenye jina hilo. Ukisikia jina la namna hiyo, sema eneo linalozijumuisha zote mbili. Pitia pia yaliyobadilishwa: Allahabad ya India ni Prayagraj tangu mwaka 2018, na ramani ya ukutani ya shule nyingi haijui hilo.

Sasa -burg, ambao ndio unaoangusha watu wengi. Ni neno la Kijerumani na Kiholanzi la ngome, au mji wenye ngome, na mtu akisikia Hamburg au Magdeburg akisema Ujerumani amepata. Tatizo ni kwamba mkia huu umesafiri kuliko yote. Mtawala wa Urusi, Petro Mkuu, aliupa mji wake mpya jina la Sankt-Peterburg mwaka 1703 kwa kupenda mambo ya Ulaya Magharibi. Makaburu waliubeba hadi Johannesburg na Rustenburg. Wahamiaji wakaupeleka Marekani.

Na ulifika hapa kwetu. Katika ramani za Kijerumani za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tukuyu hutaiona. Mahali pake pameandikwa Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa chini kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa. Nililiandika jina hilo ubaoni bila kusema kitu. Wote wanne wa timu walijibu Ujerumani, huku wamekaa mwendo wa dakika chache tu kutoka kwenye boma la Wajerumani. Kasanga kule Ziwa Tanganyika nayo iliitwa Bismarckburg.

Basi kwa mkia wa -burg badili swali. Usiulize “mji huu uko wapi?” Uliza “nani aliupa jina, na alikuwa amefika wapi?” Halafu sikiliza kichwa cha jina. Pietermaritzburg ina majina ya viongozi wa Makaburu, kwa hiyo ni Afrika Kusini. Yekaterinburg ina Yekaterina kwa matamshi ya Kirusi, kwa hiyo ni Urusi. Sikiliza pia irabu: -berg ni mlima, si ngome, kama Drakensberg, na msomaji akiharakisha mikia hiyo miwili husikika karibu sawa. Omba arudie, kama kanuni zinaruhusu.

Kichwa kisipokuambia lolote, kama lile Langen, jibu Ujerumani kwa sababu ndiko uwezekano mkubwa uliko, lakini kwanza mtazame mwendeshaji: akisema swali linahusu makoloni au ramani ya zamani, rudi Afrika Mashariki.