Jinsi ya kuomba kipimo cha ACTH kwa mbwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa Addison

Ombi huanzia kwenye majibu ya chumvi za damu. Katika Addison tezi za adrenali hushindwa kutoa homoni za kortisoli na aldosteroni, na aldosteroni ikikosekana, figo humwaga sodiamu na kubakiza potasiamu. Gawanya sodiamu kwa potasiamu: jibu likiwa chini ya 27, shuku, likiwa chini ya 20, shuku zaidi. Tuchukue mbwa jike wa kilo 20 anayetapika na kudhoofu, kisha siku chache anapata nafuu. Sodiamu yake ni 132, potasiamu 6.9. Uwiano ni 19.

Uwiano huo peke yake hauthibitishi kitu. Minyoo mjeledi, figo kushindwa kufanya kazi na mkojo kuziba huleta picha ileile, kwa hiyo pima kinyesi na mkojo pia. Damu iliyogusa chupa ya EDTA nayo hupandisha potasiamu kwa uongo. Utaitambua kwa kalsiamu iliyoshuka mno.

Kwenye fomu andika uzito, majibu ya chumvi, na kila dawa ya steroidi aliyopewa, hata ya ngozi au ya masikio, pamoja na tarehe. Sehemu hii ndiyo huachwa wazi mara nyingi, nayo ndiyo huharibu kipimo. Prednisoloni husomwa na mashine kama kortisoli, na steroidi za muda mrefu hulaza tezi hadi zifanane na tezi zilizokufa. Kisha omba kortisoli mara mbili: kabla ya sindano ya ACTH, homoni inayoamsha tezi za adrenali zitoe kortisoli, na saa 1 baadaye.

Mbwa akiwa ameanguka na moyo unapiga polepole, usimcheleweshe kwa ajili ya fomu. Mfungulie dripu ya chumvi ya 0.9% mara moja, maana haiharibu kipimo, na kipimo kiendelee dripu ikitiririka. Akihitaji steroidi kabla saa haijaisha, mpe deksamethasoni, kwa kuwa mashine haiichanganyi na kortisoli.

Chukua damu ya kwanza. Choma tetrakosaktidi, yaani ACTH ya kutengenezwa, kwenye mshipa, mikrogramu 5 kwa kila kilo. Mbwa wetu anahitaji mikrogramu 100. Ampuli ya mikrogramu 250 katika mililita 1 itatoa mililita 0.4. Hakikisha si ile ya kutolewa taratibu mwilini, kwani hiyo haichomwi mshipani. Baada ya dakika 60 chukua damu ya pili. Andika saa kwenye kila chupa, la sivyo maabara haitajua ipi ni ipi.

Kortisoli ya pili ikiwa chini ya nanomoli 55 kwa lita, na hakuna steroidi iliyoingilia, ugonjwa umethibitishwa. Damu ya kwanza ikizidi 55, Addison karibu inaondolewa kabisa. Ikiwa chini ya hapo bado haisemi kitu, kwa sababu mbwa wengi wazima hushuka hadi hapo; jibu limo kwenye chupa ya pili.