Ukaguzi wa tovuti kwa wiki moja: namna ya kuuza kazi yenye mipaka na bei moja

Tuchukue mfano wa ukaguzi wa tovuti za nyumba za wageni. Nimezichagua kwa sababu zinafanana: kurasa chache, picha nyingi na fomu ya kuomba chumba. Huduma ya bei moja huwezekana pale kazi inapojirudia hivyo.

Hatua ya 1: Weka mipaka. "Nitakagua tovuti yako yote" ni ahadi isiyo na mwisho. Andika vitu vinavyohesabika: kurasa 10, kwenye simu na kompyuta, kuangalia kasi, fomu, na kama Google inazipata kurasa hizo. Chini yake andika usichofanya: kurekebisha, kuandika maelezo mapya, kuhamisha tovuti. Orodha hii ya pili ndiyo inayolinda bei yako, kwa hiyo mteja aisome kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Pata bei. Kagua tovuti moja mwanzo hadi mwisho huku ukiandika saa ulizotumia. Tuseme ni saa 14, na saa yako ni shilingi 25,000 za Tanzania: hiyo ni 350,000. Ongeza robo kwa ajili ya simu na maswali, utafika 437,500. Tangaza 450,000.

Hatua ya 3: Siku saba zianze lini? Zianze ukishapokea vitu vitatu: malipo, majibu ya maswali yako, na ruhusa ya kuingia Search Console, zana ya Google inayoonyesha kurasa ilizozipata (`Settings`, kisha `Users and permissions`). Ukianza kuhesabu siku mliyokubaliana, mteja akichelewesha ruhusa siku nne, unabaki na tatu.

Hatua ya 4: Fuata mpangilio uleule kila mara. Siku ya kwanza anza na fomu. Ijaze kwa simu kama mgeni, kisha muulize mwenye tovuti kama ujumbe umefika. Mara nyingine ukurasa unasema "asante" ilhali ujumbe umeangukia kwenye barua taka, kwa kuwa rekodi za SPF na DKIM za jina la tovuti, zinazothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwake kweli, hazijawekwa. Siku ya pili na ya tatu pima kasi kwa PageSpeed Insights. Kipimo cha LCP, yaani muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, kikizidi sekunde 2.5, tazama kwanza picha kubwa ya juu; nyingi hupandishwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera. Siku zinazobaki ni za kuandika ripoti na kuikabidhi.

Kila tatizo liandike hivi: "Fomu haifikishi maombi. Nilituma Jumatatu, halikuonekana kwenye kikasha. Unapoteza wageni. Mpe fundi wako aweke SPF na DKIM." Yapange kwa uzito wa hasara.

Hatua ya 5: Pima tena. Saa zikizidi 14 kazi mbili mfululizo, tafuta sehemu inayozila. Mara nyingi ni maswali baada ya ripoti. Weka kikao kimoja cha dakika 45, na marekebisho yawe na bei yake pembeni. Punguza kwanza kazi iliyomo ndani ya mipaka, bei uiguse baadaye.