Somo: Mtoto ana homa, malaria hakuna. Jinsi ya kukinga mkojo wa kupima

Tuchukue mtoto wa kike wa miezi 9, Tandahimba. Homa yake ni nyuzi 39, leo siku ya pili. Ametapika mara mbili na ananyonya kwa kusuasua. Hana mafua, hakohoi, haharishi. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Huku Kusini kuanza na malaria ni sawa. Kosa ni kuishia hapo. Mtoto wa umri huu hawezi kusema anaumia akikojoa, kwa hiyo maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi hujionyesha kwa homa tu. Mkojo wake upimwe, tena kabla hajaanza antibayotiki.

Mwenye chini ya miezi 3 akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto yeyote aliyelegea, anayetapika kila kitu, aliyekataa kunyonya au aliyepata degedege. Huyo msimkalishe nyumbani mkisubiri akojoe.

Kukinga mkojo kunataka watu wawili na kichupa safi cha maabara chenye kifuniko.

1. Mnyonyeshe, kisha subiri kama dakika 20.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Msafishe mtoto kwa maji safi, wa kike kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume usimvute govi kwa nguvu.

3. Mmoja ampakate, nepi imetolewa. Wa pili alowanishe shashi kwa maji safi ya baridi, amsugue taratibu kwa kuzungusha chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena, hadi dakika 5. Ubaridi huo huamsha kibofu. Wengine hawakojoi ndani ya muda huo. Endeleeni kusubiri kichupa kikiwa mkononi, maana mkojo huja ghafla.

4. Matone ya kwanza yaache yapite, kisha kinga. Mdomo wa kichupa usiguse ngozi, na kidole kisiingie ndani. Mililita 10 zinatosha vizuri.

5. Ufike maabara ndani ya saa moja. Ikishindikana, uwekwe kwenye friji (si kwenye sehemu ya kugandisha) na upimwe ndani ya saa 24. Hapa ndipo tunapoharibu sana: kichupa kinakaa mfukoni juu ya bodaboda, jua la Mtwara linakipasha, na vijidudu vichache vya ngozini vinazaliana hadi vinaonekana kama ugonjwa.

Kwenye utepe wa kupimia, seli nyeupe na naitraiti zikionekana pamoja, uwezekano wa maambukizi ni mkubwa. Naitraiti isipoonekana msifurahi mapema. Bakteria huitengeneza mkojo ukikaa kibofuni saa kadhaa, na mtoto mdogo hukojoa mara kwa mara. Kuotesha vijidudu vya mkojo maabara ndiko kunakothibitisha, na kunaonyesha pia dawa inayofaa.

Maswali ya wanachama

Mama wa Nanyamba: Nesi alimbandika mwanangu kifuko cha plastiki. Majibu yamesema vijidudu vya aina tatu. Anaumwa sana?

Dada, aina tatu kwa pamoja kwa kawaida ni uchafu wa ngozi na kinyesi ulioingia kifukoni. Kifuko kina faida kisipoonyesha kitu. Kikionyesha, omba mkojo mwingine wa kukingwa, au utolewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni. Mpira unamuudhi mtoto kidogo, lakini majibu yake yanaaminika.

Baba wa Kilwa: Tulishampa amoksilini iliyobaki ya kaka yake, dozi mbili.

Mwambie daktari jina la dawa na saa mlizompa. Dozi mbili zinaweza kuzuia vijidudu kuota maabara huku ugonjwa ukiendelea, na bakteria wengi wa mkojo wameizoea amoksilini. Mkojo upimwe hata hivyo.

Bibi wa Newala: Mjukuu ameugua mara mbili mwaka huu. Daktari anasema mkojo unarudi juu. Unarudije?

Shikamoo bibi. Mirija inayotoka kwenye figo hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari. Kibofu kikijaa, ukuta unaibana, mkojo haurudi. Kwa baadhi ya watoto kipande hicho cha kupenya ni kifupi, hakibaniki, hivyo mkojo hupanda na kubeba vijidudu hadi kwenye figo, ambako vinaweza kuacha kovu. Kati ya watoto watatu waliougua mkojo, kama mmoja huwa na hali hii.

Kwa kawaida huanza ultrasaundi ya figo, ila inaweza kuwa safi na mkojo bado unarudi. Anayeugua tena, kama mjukuu wako, huweza kuhitaji picha ya eksirei ambayo kibofu hujazwa dawa inayoonekana na mtoto hupigwa picha akiwa anakojoa. Hali ina daraja 1 hadi 5; za chini nyingi hupona zenyewe mtoto akikua. Akipata homa yoyote isiyo na sababu, mkojo upimwe siku hiyo. Na choo kigumu kitibiwe, kwa sababu hukandamiza kibofu kisimalize mkojo.