Oda, delivari noti na ankara zikikataana: namna ya kumwandikia muuzaji

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alimwandikia muuzaji mstari mmoja: "Ankara yenu hailingani na oda, tafadhali rekebisheni." Siku tatu baadaye akaletewa ankara ileile, tarehe tu ndiyo imebadilika. Hakuwa amesema ni kipi hakilingani, wala kwa kiasi gani. Tukaketi tukaanza upya.

Hatua ya 1: Tandaza hati zote tatu mezani.
Mimi nataka karatasi. Kwenye kompyuta unaona kilichochapwa, lakini mwandiko wa mtunza stoo pembeni ya delivari noti mara nyingi hauonekani, na ndio wenye habari.

Kwetu oda ilisema katoni 40 za karatasi, kila moja 2,000, jumla 80,000. Delivari noti ilichapwa 40, ila mtunza stoo aliikata kwa kalamu akaandika 38, na dereva akatia sahihi hapo hapo. Ankara ikadai rimu 200 kwa 430, jumla 86,000. Bei zote hizi ni kabla ya kodi.

Hatua ya 2: Leta kila kitu kwenye kipimo cha oda.
Katoni moja ina rimu 5. Kwa hiyo rimu 200 ni katoni 40, na 430 mara 5 ni 2,150 kwa katoni.

Hatua ya 3: Itenge tofauti.
Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mwenzangu alitoa 80,000 kwenye 86,000 akapata 6,000, akataka kudai hiyo. Sivyo. Deni letu halitokani na oda peke yake. Ni mzigo uliopokelewa kwa bei iliyokubaliwa, yaani 38 mara 2,000, sawa na 76,000. Ankara imezidi kwa 10,000.

Sasa hiyo 10,000 ina sababu mbili, na muuzaji atataka kuziona mbalimbali, kwa kuwa pengine upungufu unashughulikiwa na watu wa ghala na bei na watu wa mauzo. Kosa langu la zamani lilikuwa hili: katoni 2 zilizopungua kwa 2,150 ni 4,300, ongezeko la bei 150 kwa katoni 40 ni 6,000, jumla 10,300. Imezidi kwa 300! Zile katoni 2 nilikuwa nimeshazitoa kwa bei yote ya ankara, 150 ikiwa ndani, kisha nikazihesabia 150 tena.

Siku hizi vilivyopungua navitoa kwa bei ya ankara (2 × 2,150 = 4,300), na tofauti ya bei naipiga kwa vilivyopokelewa tu (38 × 150 = 5,700). Jumla 10,000. Unaweza kugeuza, upungufu kwa bei ya oda na tofauti ya bei kwa katoni zote 40, nayo inafika 10,000. Ila napenda ya kwanza, kwa sababu katoni ambazo hazikufika zinafutwa kwa bei ileile zilizodaiwa.

Hatua ya 4: Uliza ndani kwanza.
Stoo: je, zile 2 zililetwa baadaye kwa delivari noti nyingine? Ununuzi: je, kuna aliyekubali bei mpya kwa barua pepe? Kama yupo, oda yetu ndiyo ya kurekebishwa. Na kama dereva hakutia sahihi kwenye 38, usiandike kana kwamba jambo limekwisha. Taja hesabu yenu, kisha omba kumbukumbu yao ya upakiaji.

Hatua ya 5: Andika. Barua moja kwa ankara moja, usichanganye.

> Yah: Ankara namba 1187, oda namba 452, delivari noti namba 903
>
> Ankara hii inadai 86,000 kabla ya kodi. Kwa hesabu yetu ni 76,000. Tofauti ya 10,000 ni hivi:
>
> 1. Katoni 2 (rimu 10) hazikufika. Dereva wenu amesaini katoni 38. Kiasi: 4,300.
> 2. Bei ya oda ni 2,000 kwa katoni. Mmetoza 430 kwa rimu, yaani 2,150 kwa katoni. Kwa katoni 38: 5,700.
>
> Tunaomba krediti noti ya 10,000 pamoja na kodi yake, ikitaja ankara 1187. Katoni 2 bado tunazihitaji. Mkizileta, zitozwe kwa ankara yake kwa bei ya oda. Kama kuna makubaliano ya bei tusiyoyaona, tutumieni nakala. Hati zote tatu zimeambatanishwa.

Naomba krediti noti, yaani hati ya muuzaji inayopunguza kiasi kilichodaiwa kwenye ankara, sitaki ankara mpya: ya kwanza imeshaingia vitabuni, na ya pili ikija na namba nyingine kuna siku zitalipwa zote mbili. Ikifika, angalia kama kodi nayo imepunguzwa, kisha bana hati zote nne pamoja ulipe.