Kumalizia kupakua OpenMRS iliyokatika katikati na kuisimika: alivyofanya karani wa zahanati

Karani wa mapokezi wa zahanati moja ya mkoani Kigoma alipewa kazi ya kusimika OpenMRS kwenye kompyuta ya masjala. OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutengenezwa mwaka 2004. Alichagua toleo la pili la aina ya Standalone, ambalo ni faili moja la zip lenye programu pamoja na hifadhidata yake. Alitumia mtandao wa simu kupitia modemu. Faili lilipofika megabaiti 150, umeme ukakatika, na kompyuta ilipowaka tena Chrome ikaonyesha kwamba upakuaji umeshindikana. Alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, nianze upya? Bando lililobaki halitoshi." Nikamjibu, "Hapana dada, usianze upya, wala usibonyeze Cancel." Yafuatayo ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya kwanza: okoa kipande kilichokwisha kushuka

Chrome huhifadhi faili lisilokamilika ndani ya folda ya Downloads kwa jina linaloishia na `.crdownload`. Ukibonyeza Cancel, kivinjari hulifuta, na megabaiti zote ulizolipia hupotea. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote kwenye kivinjari, karani alitengeneza folda `C:\pakua` na kunakili kipande hicho humo. Kisha alifungua menyu ya Start, akaandika `cmd`, na katika dirisha jeusi lililofunguka akaandika amri hizi:

```
cd /d C:\pakua
ren *.crdownload openmrs.zip
dir
```

Amri ya mwisho huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti. Kwake ilionyesha 157286400.

Umeme unapokatika ghafla, sehemu ya mwisho ya faili huweza kuwa imehesabiwa kwenye diski bila data yake kuandikwa, na mahali pake hubaki sifuri tupu. Ukiunganisha data mpya baada ya sifuri hizo, faili litatimia kwa ukubwa lakini litakuwa bovu ndani. Ndiyo maana tulikata megabaiti mbili za mwisho kabla ya kuendelea. Megabaiti mbili ni baiti 2097152. Ukizitoa, hubaki 155189248:

```
fsutil file seteof openmrs.zip 155189248
```

Windows ikikataa amri hiyo, fungua `cmd` kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Run as administrator, kisha rudia kwanza amri ya `cd /d C:\pakua`. Endapo kilichokatika ni mtandao peke yake na kompyuta haikuzimika, hakuna haja ya kukata kitu.

Hatua ya pili: endelea pale ulipoishia

Windows 11 na matoleo ya karibuni ya Windows 10 huja na programu ya kupakua iitwayo `curl`, kwa hiyo hakuna cha kupakua zaidi. Kiungo cha faili kichukuliwe upya kwenye ukurasa wa mradi huko SourceForge, kile kinachoishia na `/download`. Kiungo kilichomo katika orodha ya vipakuliwa vya Chrome mara nyingi huwa kimekwisha muda wake. Weka kiungo hicho mahali palipoandikwa KIUNGO, na uache alama za nukuu zilivyo:

```
curl -f -L -C - --speed-limit 500 --speed-time 60 -o openmrs.zip "KIUNGO"
```

Kiini cha amri hii ni `-C -`, kinachoiambia `curl` ipime faili lililopo na kuiomba seva itume kuanzia baiti inayofuata tu. `-L` huifuata seva inapokuelekeza kwenye seva nyingine. `-f` huzuia ukurasa wa hitilafu usije ukagandishwa mwishoni mwa faili lako kana kwamba ni sehemu ya programu. Vipimo viwili vya kasi hukata muunganisho uliozubaa, yaani uliopitisha chini ya baiti 500 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 60, kwa sababu muunganisho wa namna hiyo huweza kukaa saa nzima ukionekana mzima huku haupitishi kitu.

Karani aliona mstari huu, ambao ndio uthibitisho kwamba hakuna kinachorudiwa:

```
** Resuming transfer from byte position 155189248
```

Kasi yake ilikuwa kama kilobaiti 40 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kila megabaiti 100 huchukua takribani dakika 42. Mtandao ulipokatika, `curl` ilisimama na kutoa namba ya hitilafu: 18 muunganisho ulipofungwa kabla ya mwisho, 28 kasi ilipokuwa ndogo mno, na 6 modemu ilipopoteza mtandao kabisa. Katika hali zote tatu dawa ni moja: subiri mtandao urudi, bonyeza mshale wa juu ili amri irudi, kisha bonyeza Enter. Hitilafu 33 ni tofauti, kwa maana seva haikubali kutuma kuanzia katikati. Chukua kiungo upya na ujaribu tena. Tahadhari moja: usitumie dirisha la PowerShell, kwa kuwa katika matoleo mengi ya Windows neno `curl` humo huita amri nyingine kabisa.

Hatua ya tatu: hakikisha faili kabla ya kulifungua

Faili la zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni kabisa, na ndiyo sababu zip iliyokatika hukataa kufunguka hata kama sehemu kubwa imefika. Hata hivyo, kufunguka peke yake si ushahidi wa kutosha. Kwenye ukurasa wa SourceForge, kando ya jina la faili, kuna alama ya `i` inayoonyesha SHA1, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaobadilika hata baiti moja ikibadilika. Linganisha na wako:

```
certutil -hashfile openmrs.zip SHA1
```

Karani alinisomea kwa simu tarakimu kwa tarakimu, nami nikifuatilia kwenye ukurasa. Zote zililingana. Zisipolingana, rudia kukata kipande kikubwa zaidi na kuendelea, badala ya kufuta faili lote.

Hatua ya nne: simika

Toa faili kwenye folda fupi isiyo na nafasi katika jina, kama `C:\openmrs`. Toleo hili huhitaji Java 8. Amri ya `java -version` inapaswa kuonyesha namba inayoanza na `1.8`. Kisha bonyeza mara mbili `run-on-windows.bat`. Utakapoulizwa aina ya matumizi, usichague ile ya maonyesho, kwani huja na wagonjwa wa kubuni watakaochanganyika na wa kweli. Karani alichagua mwanzo mtupu, akaacha kompyuta itengeneze hifadhidata bila kuigusa. Kwenye kompyuta ya zamani kazi hii huchukua muda mrefu, na kuizima katikati huharibu hifadhidata.

Kivinjari kikifunguka kwenye anwani inayoanza na `localhost:8081`, modemu inaweza kuchomolewa, kwa sababu kila kitu sasa kiko ndani ya kompyuta hiyo. Ingia kwa jina `admin` na nywila `Admin123`, kisha ibadilishe papo hapo kabla ya kuandikisha mgonjwa wa kwanza, kwa kuwa nywila hiyo inajulikana na kila mtu.

Watengenezaji wameikusudia Standalone kwa majaribio na kujifunza, si kwa kubeba kazi yote ya kituo. Kwa hiyo karani anaendelea kujaza rejista ya karatasi sambamba na kompyuta, na zip iliyothibitishwa ameinakili kwenye flashi ili zahanati jirani isitumie bando lake kuipakua upya.